Mwaka Mrefu na Siku Yake ya Ziada

Ukimwuliza mtu yeyote aliyepitia darasa za mwanzo ni upi huo mwaka mrefu, atakujibu pasi na kusita kwamba ni ule unaotujia kila mwaka wa nne, ambao Februari yake ina siku 29 badala ya 28. Na jawabu hilo, ijapokuwa si kamili, hapana miongoni mwa walio hai awezaye kulikanusha kwa aliyoyaona kwa macho yake, maana tangu 1904 hadi hivi leo haukupita hata mwaka mmoja wenye kugawanyika kwa nne ambao haukupewa siku yake ya ziada, na wale walioushuhudia mwaka 1900, ambao uligawanyika kwa nne na bado Februari yake ikakoma tarehe 28, wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mwaka 2000, ambao ungaliweza kuwazindua watu, ndio uliowazidishia usingizi, kwa sababu ulikuwa mwaka wa kufunga karne, na miaka ya namna hiyo aghalabu hunyimwa siku ya ziada, ila huo wenyewe, kwa sababu tutakayoieleza, ukapewa. Kuzinduka kutakuwa mwaka 2100, ambapo Jumapili ya tarehe 28 Februari itafuatwa na Jumatatu ya tarehe 1 Machi, na watoto watakaozaliwa tarehe 29 Februari 2096 watangoja hadi 2104 ndipo waione tena tarehe yao.

Chimbuko la jambo hili ni kwamba mwaka wa jua hauundwi na siku kamili. Tangu majira yaanze duru yake hata yairudie tena hupita, kwa wastani, siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde zinazokaribia 46. Yaani ile ziada juu ya siku 365 ni robo ya siku, lakini robo yenye nakisi ya dakika 11 na sekunde chache. Anayetaka kalenda yake ishikamane na majira hana budi kuipachika siku hiyo mahali fulani pindi zile robo zinapotimia, na tangu alipokubali kuipachika amejitwika maswali mawili ambayo hayafanani: la kwanza ni siku hizo ziwe ngapi, na hilo ni la wanafalaki, la pili ni siku hiyo ihesabiwe katika daftari la nani, na hilo, kama tutakavyoona, limewashughulisha mahakimu na waajiri kuliko wanafalaki.

Wa kwanza kuifanya robo hiyo kuwa kanuni ya dola kubwa alikuwa Yulio Kaisari wa Roma, kwa shauri la mwanafalaki Sosigene wa Iskanderia. Kalenda ya Warumi ilikuwa imekwisha kuachana na majira, hata ikalazimu mwaka 46 K.K. urefushwe ukafika siku 445 ndipo mambo yarudi mahali pake. Na tangu mwaka uliofuata ikaamriwa kuwa katika kila miaka minne mmoja uongezwe siku. Amri ilikuwa nyepesi, walakini makuhani waliokabidhiwa kuitekeleza, baada ya Kaisari kuuawa, waliifahamu kwa desturi ya Warumi ya kuhesabu ncha zote mbili, mwaka wa kuanzia na wa kuishia, na kwa hivyo wakawa wanapachika siku kila mwaka wa tatu. Hata ilipopita miaka 36 siku 12 zilikuwa zimeongezwa mahali palipostahili 9 tu, na Kaisari Augusto akalazimika kusimamisha nyongeza kwa muda mpaka zile siku tatu zilizozidi zikafidiwa. Ni ajabu kidogo kwamba kosa la kwanza la mwaka mrefu halikuwa la nyota bali la kuhesabu hadi nne.

Lililobakia ni kosa la nyota. Kwa kuwa kanuni ya Kaisari iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo kamili, ilikuwa ikiuzidishia kila mwaka dakika kama 11, na dakika 11, ambazo katika umri wa mtu mmoja hazionekani, hukusanyika zikawa siku nzima katika muda wa miaka takriban 128. Waliofadhaika si wakulima, ambao huyaona majira bila kutazama kalenda, bali maaskofu, kwa sababu Pasaka hupangwa kwa mwezi mpevu unaofuata siku ya usiku na mchana kulingana, na siku hiyo, ambayo katika zama za Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ilihesabiwa kuwa tarehe 21 Machi, kufikia karne ya 16 ilikuwa imerudi nyuma hadi tarehe 11. Papa Gregori wa 13, akiitumia rasimu ya tabibu Mwitalia aliyeitwa Aloisio Lilio, ambaye hakujaaliwa kuishi hata akaiona kazi yake ikitimia, aliamuru Februari 1582 kwamba siku kumi zifutwe katika Oktoba ya mwaka huo, na ndipo Alhamisi ya tarehe 4 ikafuatwa na Ijumaa ya tarehe 15.

Kufuta siku kumi ni kulipa deni la kale. Kazi iliyohitaji akili ni kuzuia deni jipya, na hapa ndipo ilipozaliwa kanuni ya miaka ya karne. Ikiwa kosa ni siku moja katika miaka 128, basi katika miaka 400 litakuwa siku tatu na kipande kidogo. Na kwa hivyo yatosha kuondoa siku tatu katika kila miaka 400, ambayo kwa kanuni ya Kaisari ingalikuwa na miaka mirefu 100, ikabakia 97. Lakini ni ipi hiyo mitatu itakayonyang'anywa? Lilio na wenziwe wangaliweza kuchagua miaka yoyote, bali walichagua ile ambayo hata asiyejua hesabu huitambua kwa sura, yenye sifuri mbili mwishoni: mwaka wa karne hauwi mrefu ila ukigawanyika kwa 400 pasi na baki. Ndiyo maana 1700, 1800 na 1900 ilikuwa mifupi, 2000 ukawa mrefu, na 2100, 2200 na 2300 itakuwa mifupi tena. Mwaka wa wastani unaopatikana kwa njia hii ni siku 365.2425, ambao unauzidi mwaka wa jua kwa sekunde zisizofika 30, na kosa hilo halitimizi siku moja ila baada ya zaidi ya miaka 3,000. Ni nakisi ambayo mwenye busara huwaachia wajukuu wa wajukuu zake.

Si kila taifa lililopokea jambo hilo mara moja, na aliyechelewa alilipa zaidi. Waingereza, waliokawia hadi 1752, walifuta siku 11 na si 10, kwa kuwa mwaka 1700 kwao ulikuwa mrefu na kwa Wakatoliki haukuwa; Warusi, waliokawia hadi 1918, walifuta 13, maana walikuwa wameiadhimisha tarehe 29 Februari katika 1800 na 1900 pia. Kanisa la Othodoksi la Urusi bado hushika kalenda ya Kaisari katika sikukuu zake, na ndiyo sababu Krismasi yake huangukia Januari 7. Ila baada ya 2100, ambao kwa Kaisari ni mrefu na kwa Gregori ni mfupi, itasogea hadi Januari 8.

Atakaye kujua ingalikuwaje kama siku ya ziada isingalipachikwa kabisa hana haja ya kusafiri mbali na pwani yetu, kwa maana mwaka wa Nairuzi, ambao mabaharia wa dau na jahazi waliutumia kuzihesabu pepo za kaskazi na kusi, na ambao watu wa Makunduchi katika kusini ya Unguja huuadhimisha kwa Mwaka Kogwa, ni mwaka wa jua wa siku 365 tu, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za kufungia. Kwa kuwa hauna mwaka mrefu, siku yake ya kwanza hurudi nyuma katika kalenda ya Gregori kwa siku moja kila miaka minne, na katika miaka 150 hurudi kwa zaidi ya mwezi mmoja. Ndipo sherehe ambayo katika karne ya 19 ilikuwa ikiangukia Agosti, siku hizi ikawa ya Julai. Wala tusidhani kuwa waliouanzisha mwaka huo walikuwa wajinga wa falaki. Nahodha aliyehitaji kujua siku ya kutweka tanga aliona ni rahisi zaidi kuwa na mwaka usiobadilika urefu, kisha akakumbuka kuwa kaskazi huanza mwongo mmoja baadaye katika zama zake kuliko zama za babu yake, kuliko kuishika kanuni ya kupachika siku ambayo kila bandari ingeipachika kwa wakati wake.

Kalenda ya Hijria nayo ina siku yake ya kupachika, ila hiyo ni kwa ajili ya mwezi wala si jua: katika hisabu ya wanafalaki miaka 11 kati ya kila 30 huongezewa siku moja mwishoni mwa Mfunguo Tatu, ikawa na siku 355 badala ya 354. Ndiyo maana Idi hutangulia kila mwaka kwa siku 11 hivi, na mara nyingine 10 au 12, kulingana na ni kalenda ipi kati ya hizi mbili iliyopata ziada yake mwaka huo.

Natuje sasa kwenye swali la pili, la daftari, na tuanze na umri. Aliyezaliwa tarehe 29 Februari hana ugumu wowote wa kukua, maana umri huenda kwa miaka wala hauendi kwa tarehe. Ugumu alio nao ni wa maadhimisho, na kanuni ya karne humzidishia. Mtungaji wa muziki Mwitalia Rossini alizaliwa tarehe 29 Februari 1792, akaiona tarehe yake 1796, kisha, kwa kuwa 1800 haukuwa mrefu, hakuiona tena mpaka 1804. Na alipotimiza miaka 76 katika Februari ya 1868, ambao ndio mwaka wa kufa kwake, ilikuwa mara yake ya 18, ambapo kwa kanuni ya Kaisari ingalikuwa ya 19.

Lililokuwa mzaha kwa Rossini, Waingereza wawili, Gilbert na Sullivan, walilifanya kiini cha tamthilia ya nyimbo, Maharamia wa Penzance, iliyoonyeshwa New York siku ya mwisho ya mwaka 1879. Kijana Frederic amewekwa kwa maharamia kujifunza kazi hiyo kwa mkataba, naye, akiisha kutimiza miaka 21, adhani amekuwa huru. Ndipo wanapomwonyesha kuwa mkataba haukusema mwaka wake wa 21 bali siku yake ya kuzaliwa ya 21, na kwa kuwa alizaliwa tarehe 29 Februari, hatakuwa huru hadi 1940. Mwenye kupenda hesabu atauliza mara moja: kijana huyu alizaliwa lini? Ukizidisha 21 kwa nne utapata 84, na ukiondoa 84 katika 1940 utapata 1856, na kwa hivyo alitimiza miaka 21 katika 1877, ambao ni karibu sana na mwaka wa tamthilia yenyewe. Lakini mwaka 1900 uko katikati, na haukuwa mrefu. Aliyezaliwa 1856 ataiona tarehe yake kwa mara ya kumi katika 1896, ya kumi na moja katika 1904, na ya 21 ataipata 1944 wala si 1940. Ili 1940 uwe sahihi yapasa awe amezaliwa 1852, na mambo ya tamthilia yawe yametukia 1873. Hivyo ama Gilbert, ambaye alikuwa amewahi kuwa wakili na alijua thamani ya neno moja katika mkataba, alikusudia mwaka huo wa nyuma, ama aliisahau kanuni ya karne. Mimi naelekea upande wa pili, kwa sababu alikuwa akiandika miaka 20 kabla ya mwaka ambao ungemkumbusha.

Mahakama hazina ruhusa ya kufanya mzaha wa namna hiyo, na zimelazimika kuamua. Katika karne ya 13 Mfalme Henry wa Tatu wa Uingereza aliamuru kwamba siku ya ziada na ile inayoitangulia zihesabiwe kuwa siku moja, ili aliyepewa muda wa mwaka mmoja na baraza asipunjwe wala asizidishiwe. Amri hiyo ilikubaliana na asili, kwani Warumi hawakuwa na tarehe 29 ya Februari hata kidogo: walichofanya ni kuirudia mara mbili siku ambayo sisi twaiita tarehe 24, na hadi kalenda ya watakatifu iliporekebishwa mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliisogeza sikukuu ya Mtakatifu Mathia kutoka tarehe 24 hadi 25 katika kila mwaka mrefu. Leo ambapo kila siku ina namba yake, sheria zimekwenda njia mbili. Mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari 2008 alitimiza miaka 18 katika 2026, mwaka usio na tarehe yake. Uingereza humhesabia kuwa mtu mzima tarehe 1 Machi, kwa hoja kwamba mwaka haujatimia maadamu Februari haijakwisha, na Taiwani humhesabia tarehe 28 Februari, kwa hoja kwamba pakikosekana siku inayolingana, muda humalizika siku ya mwisho ya mwezi. Hoja zote mbili ni nzima. Ila anayeandika mkataba, hati ya dhamana au wosia wa kumkabidhi kijana mali yake afanye hisani ya kuitaja tarehe yenyewe, kwa maana tofauti ya siku moja, ikiangukia kati ya sahihi na urithi, si ndogo.

Tuingie katika sikukuu. Mwaka wa kawaida ni majuma 52 na siku moja, na kwa hivyo kila tarehe husogea siku moja mbele katika juma kila mwaka: iliyokuwa Jumatatu huwa Jumanne. Mwaka mrefu ni majuma 52 na siku mbili, na tarehe zote tangu 1 Machi huruka siku moja ya juma bila kuikanyaga. Tarehe za Januari na Februari zenyewe huliona ruko hilo mwaka unaofuata, kama Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari, ambayo 2024 iliangukia Ijumaa na 2025 ikaangukia Jumapili.

Yatosha kuutazama mwaka 2024 katika Tanzania bara na visiwani ili kuona ruko hilo hufanya nini. Tuziache Idi, Maulidi na Pasaka, ambazo zina hisabu zao, tushike zile sikukuu 11 zenye tarehe isiyobadilika, tangu Mwaka Mpya hadi siku inayofuata Krismasi, na tumchukue mfanyakazi wa ofisini anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka 2023 Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, na Siku ya Uhuru, 9 Desemba, zote zilikuwa Jumamosi, yaani zilimpotea. Kama 2024 usingalikuwa mrefu, zote mbili zingalikuwa Jumapili, zikampotea tena. Lakini kwa sababu ya Alhamisi moja ya tarehe 29 Februari ziliiruka Jumapili zikatua Jumatatu. Siku ya Karume, 7 Aprili, na Saba Saba ziliruka kutoka Ijumaa hadi Jumapili, lakini huko hakukuwa na hasara mpya, kwa maana bila ya mwaka mrefu zingaliangukia Jumamosi. Ukihesabu zote utaona kuwa katika 2024 sikukuu 9 kati ya 11 ziliangukia siku za kazi, na lau mwaka ungalikuwa wa kawaida zingalikuwa 7 tu. Sasa, siku za Jumatatu hadi Ijumaa katika mwaka huo zilikuwa 262, na bila ya siku ya ziada zingalikuwa 261. Ondoa 9 katika 262, zitabaki 253. Ondoa 7 katika 261, zitabaki 254. Mwajiri aliyedhani kuwa mwaka mrefu umemzawadia siku ya kazi, kwa hakika ulimpunguzia moja.

Kenya, ambako sheria husema kuwa sikukuu ikiangukia Jumapili siku inayofuata nayo iwe ya mapumziko, huliona ruko hili kwa jicho jingine: Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, ambayo bila ya mwaka mrefu ingalikuwa Jumamosi mwaka 2024 ikapita bure, ilitua Jumapili, na kwa sheria hiyo Jumatatu ikawa ya mapumziko. Kwa Mkenya wa ofisini Jumamosi ni hasara na Jumapili si hasara. Kwa nchi isiyo na kanuni hiyo zote mbili ni sawasawa.

Wala asidhani mtu kuwa ruko humpendelea mfanyakazi siku zote. Chukua 2028, ambao utaanza Jumamosi: siku ya ziada, ambayo itakuwa Jumanne, itaiondoa Siku ya Nyerere na Siku ya Uhuru katika Ijumaa na kuzitupa Jumamosi, lakini papo hapo itaitoa Mei Mosi na Krismasi katika Jumapili na kuzipeleka Jumatatu, na hisabu itasimama pale pale, sikukuu 8 kwa 8. Siku za Jumatatu hadi Ijumaa nazo hazitaongezeka, zitakuwa 260 vyovyote vile, kwa kuwa mwaka huo utaanza Jumamosi na kuisha Jumapili, na siku zake mbili za juu ya majuma 52 zote zitakuwa za mapumziko.

Mwenye kutunza kalenda za kale apate kujua kuwa ya 1996 ililingana na ya 2024 siku kwa siku, na ya 2000 italingana na ya 2028, maana katika miaka 28 maruko saba na masogeo ya kawaida hukamilisha duru. Lakini duru hiyo hukatika kila karne inaponyimwa siku yake. Duru isiyokatika ni ya miaka 400, ambayo ina siku 146,097, yaani majuma 20,871 kamili pasi na baki. Kwa kuwa miaka mirefu 97 haigawanyiki sawa kwa siku saba za juma, tarehe 29 Februari haina usawa: katika kila miaka 400 huangukia Jumatatu mara 15 na Jumatano mara 15, Ijumaa na Jumamosi mara 14 kila moja, na Jumanne, Alhamisi na Jumapili mara 13.

Limebaki jambo moja la kuwatahadharisha wale ambao siku hizi huzikabidhi hisabu zao kwa kompyuta. Programu ya Excel, ambayo makarani wengi huitumia kuhesabu siku za likizo na umri wa watumishi, huukubali mwaka 1900 kuwa mrefu na huonyesha tarehe 29 Februari 1900 kana kwamba iliwahi kuwapo. Kosa hilo ilirithi kwa makusudi kutoka programu iliyoitangulia, ya Lotasi, ili majedwali ya kale yasivurugike, na halijaondolewa hadi leo. Matokeo yake ni kwamba siku ya juma inayoonyeshwa kwa tarehe yoyote ya Januari au Februari ya 1900 imekosea kwa siku moja, kwa mfano tarehe 1 Januari ya mwaka huo huitwa Jumapili ilhali ilikuwa Jumatatu, na muda unaoanzia kabla ya Machi ya mwaka huo na kuishia baada yake huzidi kwa siku moja. Anayeshughulikia mishahara ya leo hatadhurika. Atakayedhurika ni mwenye kuingiza hati za kale za mashamba, mirathi na vizazi, naye ataligundua kosa kwa kulinganisha siku ya juma iliyoandikwa katika hati na ile iliyotolewa na mashine, kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba karani wa 1900 ndiye aliyekosea.